Mzazi mzee ana yutiai, ghafla amelegea na hajielewi: cha kutazama na cha kufanya

"Sista, baba ana siku mbili analala tu. Tumemwacha apumzike, si unajua ile yutiai ilivyomchosha."

Simu za namna hii nimezipokea mara nyingi, maana nimekuwa muuguzi kwenye wodi za watu wazima kwa miaka. Mzee anayepiga kelele usiku na kutaka kutoka nje hupelekwa hospitali asubuhi hiyohiyo, kwa sababu ameikosesha nyumba nzima usingizi. Mzee anayelala kimya hufunikwa shuka na kuachwa. Ndiyo maana mwongozo huu unamhusu huyu wa pili. Mara nyingi huyu aliyenyamaza ndiye mgonjwa zaidi, na ndiye anayefikishwa akiwa amechelewa.

Hali yenyewe madaktari huiita deliriamu. Ubongo wa mzee umezidiwa na jambo linalotokea mwilini, umakini unapotea, na fahamu zinapanda na kushuka kama taa yenye umeme hafifu. Huanza ndani ya saa chache au siku chache, na hapo ndipo inapotofautiana na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao huja polepole kwa miezi na miaka. Mzee anaweza kuwa na vyote viwili. Kama siku zote husahau majina ya wajukuu, usimpime kwa majina hayo. Mlinganishe na alivyokuwa juma lililopita. Anayejua alivyokuwa juma lililopita ni ninyi wa nyumbani, si daktari atakayemwona kwa dakika kumi.

Nitawapitisha kwenye kisa kimoja, cha mzee wa miaka 81. Ana kisukari na anatumia glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, ana presha, na tezi dume yake imekuwa kubwa. Jumatatu mkojo ulimchoma, akapimwa, akaanza vidonge vya antibayotiki ya siprofloksasini. Jumanne jioni alipiga chafya kidogo, mtu nyumbani akampa klofeniramini, vile vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi. Jumatano alikula vijiko vichache tu na kusinzia mchana kutwa. Alhamisi saa 1 asubuhi bintiye alinipigia simu.

Kwanza, mwamshe umwone akiamka

Usimtazame kutoka mlangoni. Kaa karibu naye, mwite kwa jina analolijua, mguse bega. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida huweza kubaki mzito kidogo, lakini ndani ya sekunde 10 hivi amekutambua, anakutazama na kukujibu. Anayefumbua macho, akajibu neno moja, kisha akazama tena ukiwa bado unazungumza naye, huyo hajapumzika. Fahamu zake zimeshuka. Asiyefumbua macho mpaka umtikise kwa nguvu, au asiyeamka kabisa, usiendelee na maswali: mlaze ubavu ili mate na matapishi yasimkabe, mwingine atafute usafiri au apige simu ya dharura. Wakati mnasubiri, pima sukari kama mashine ipo.

Akiamka, muulize mambo manne: ana umri gani, alizaliwa lini, hapa ni wapi, huu ni mwaka gani. Kama hakuwahi kuijua tarehe yake ya kuzaliwa, weka swali jingine ambalo wiki iliyopita angelijibu bila kusita.

Kisha mwombe ataje siku za juma kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu kinagusa umakini wenyewe, na umakini ndio wa kwanza kuvunjika. Siku zetu zina namba ndani yake, basi mwenye kichwa kizima hushuka pili, mosi, halafu anavuka Ijumaa na Alhamisi kwa kuzikumbuka, akaikuta tano upande wa pili. Wazee wenye deliriamu niliowauliza wengi hukwama palepale kwenye Ijumaa. Wengine hugeuza na kuanza kwenda mbele bila kujua wamegeuza, au husahau waliulizwa nini. Kukosea siku moja kisha kujirekebisha si tatizo. Kupotea kabisa ni tatizo.

Yule mzee alifumbua macho, akasema "Ndiyo," akafumba. Alipoulizwa yuko wapi, alisema yuko kazini. Siku za juma hakuanza kabisa. Hilo peke yake lilitosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo, maana deliriamu mpya kwa mtu mwenye maambukizi haisubiri kesho. Kilichobaki nyumbani kilikuwa kujua kama wanaondoka baada ya saa moja au wanaondoka sasa hivi.

Pili, pima vinavyoweza kupimwa, ukianza na sukari

Kwa mwenye kisukari, sukari ndiyo kitu cha kwanza. Mgonjwa ameacha kula lakini vidonge vinaendelea kushusha. Zaidi ya hapo, siprofloksasini ikikutana na glibenklamidi inaweza kuishusha sukari mno, hasa kwa mzee ambaye figo zimeanza kuchoka. Mtu wa namna hiyo huonekana amelewa usingizi, kumbe ubongo wake unakosa chakula.

Chini ya 4.0 kwenye mashine inayosoma kwa milimoli, au chini ya 70 kwenye ile inayosoma kwa miligramu, ni sukari ya chini. Kama yuko macho kiasi cha kukaa wima na kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, kidogo kidogo. Pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Kama hawezi kumeza, usimimine chochote kinywani, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Huyo anahitaji sukari ya kwenye mshipa, na hilo ni la hospitali, haraka.

Mzee wetu alisoma 2.9. Walimpa maji ya sukari, ikapanda hadi 5.4. Alifumbua macho vizuri, akamtambua bintiye. Hapo ndipo familia nyingi hushusha pumzi na kusema, kumbe ilikuwa sukari tu. Niliwaambia waendelee kujiandaa, kwa sababu mbili. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na sukari iliyopandishwa asubuhi inaweza kuanguka tena mchana au usiku. Na pamoja na sukari kurudi, bado alisema yuko kazini.

Baada ya sukari, hesabu pumzi. Hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya saa. Tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka, hesabu kila linapopanda kwa dakika nzima, bila kumwambia unachofanya, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu mgonjwa huyu hapumui kwa mpangilio. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikifika 21 hadi 24, kuna jambo. Kuanzia 25, chukulia kuwa maambukizi yamevuka njia ya mkojo na mwili mzima unapigana nayo. Watu wengi huamini zaidi kipimajoto, lakini kwa mzee pumzi husema kweli mapema zaidi. Mwili wa mzee unaweza kushindwa kupandisha joto hata akiwa na maambukizi mazito. Joto la 38 na zaidi ni ishara mbaya, na chini ya 36 ni mbaya vilevile.

Presha, kama mna mashine, tazameni namba ya juu. Ikiwa 90 au chini, au imeshuka kwa zaidi ya 40 kutoka ile aliyoizoea, hiyo ni dharura. Mwenye presha ya kupanda aliyezoea 160 akisoma 115, mashine inaonyesha namba nzuri huku yeye yuko matatani.

Tatu, mkojo unatoka kweli?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kisa hiki kilipotaka kuwaponyoka wote, nami nikiwamo.

Mzee ambaye hajakojoa kwa saa 12 anahitaji kuonwa haraka, na zikifika 18 hali ni ya hatari. Ama mwili umeishiwa maji, ama figo zimelegea, ama kibofu kimejaa na njia imeziba. Nilipouliza, bintiye alinijibu bila wasiwasi, "Anakojoa, nepi imelowa." Niliikubali kwanza. Halafu nikamuuliza imelowa kiasi gani. Akasema kidogo tu, ila kila mara ukiangalia imelowa kidogo.

Hilo la kulowa kidogo kila mara ndilo la kuogopwa. Kibofu kikijaa kupita kiasi humwagika chenyewe, kama mtungi uliojaa unavyotiririka pembeni. Nepi hulowa, kibofu hakiishi. Kwa mwanamume mwenye tezi dume kubwa, dawa moja tu ya mafua yenye kusinzisha inaweza kutosha kuifunga njia, kwa sababu dawa hizo hulegeza misuli inayosukuma mkojo. Dawa hizohizo pia huvuruga akili za wazee zenyewe, hata bila maambukizi. Kidonge kile cha Jumanne kilimpiga mzee huyu kwa mikono miwili.

Nilimwambia aweke kiganja chini ya kitovu na kubonyeza taratibu. Palikuwa pagumu, pa duara, na mzee alikunja uso. Kwa mgonjwa ambaye hawezi kusema "naumwa", kukunja uso ndiyo sauti yake. Hospitalini walipomwekea mpira wa mkojo, zilitoka mililita 950. Kwa kawaida mtu hubanwa sana na mkojo kwenye 400 hivi. Kwa hiyo mkojo wenye vijidudu ulikuwa umefungiwa mle ndani, na vidonge vya kumeza visingeumaliza hata angevimeza vyote.

Wakati uko hapo, uliza pia choo kikubwa amepata lini. Choo kilichofungana siku nne au tano huweza kukibana kibofu, na huweza kumchanganya mzee peke yake.

Usikubali "ni yutiai tu" kuwa jibu la kila kitu

Hili nalisema hata kwa wenzangu wa kazini. Wazee wengi, hasa wanawake, wana vijidudu kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Ukichovya kile kikaratasi cha kupimia kwenye mkojo wao, kitageuka rangi wakiwa wazima kabisa. Kwa hiyo mzee aliyechanganyikiwa akipimwa mkojo na majibu yakaja "vijidudu vipo", bado hujathibitisha kuwa mkojo ndio uliomchanganya. Yutiai inayohesabika kwa mzee huja na dalili zake: kuungua, kwenda haja mara kwa mara ghafla, maumivu chini ya kitovu au ubavuni, homa, kutetemeka.

Hata zikiwepo dalili hizo, kama kwa mzee wetu, kitu kingine kinaweza kuwa kimekaa juu yake. Basi kabla ya kuondoka, mwombe atabasamu, ainue mikono yote miwili na aseme sentensi fupi. Uso ukivutwa upande mmoja, mkono mmoja ukianguka au maneno yakiburuzika, huenda ni kiharusi, na saa ilipoanza itaulizwa hospitalini. Uliza kama alianguka ndani ya wiki chache zilizopita, hata kama alisimama akacheka, kwa sababu damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu la mzee, zaidi kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Sikiliza kikohozi. Na panga mezani kila dawa iliyoingia mwilini kwa siku saba: za mafua, za usingizi, za maumivu kama tramado, za mitishamba, zile za jirani. Aibu ya kusema "tulimpa kidonge cha mafua" imewapoteza madaktari njia mara nyingi.

Wakati mnajiandaa

Mkalishe wima akiwa macho. Akiwa anameza mate yake mwenyewe na anaweza kukohoa kwa nguvu, mpe kijiko kimoja cha maji. Akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, acha hapo. Kumlazimisha lita mbili za maji "ili yutiai itoke" wakati amesinzia ni njia ya haraka ya kumpa nimonia, na kwa aliyeziba kama mzee huyu ni kuongeza maji kwenye mtungi uliojaa.

Vidonge vya kushusha sukari usimpe asubuhi hiyo kama hali chakula, mpaka daktari aseme. Insulini usiikate mwenyewe; piga simu uulize kiasi. Dawa za presha na za kukojosha, kwa mtu aliyekauka maji au presha iliyoshuka, nazo ziulizie kwanza. Antibayotiki aliyoanza usiiongeze dozi kwa kuona haifanyi kazi.

Ondokeni mara moja, bila kusubiri kingine, kama ana lolote kati ya haya: haamki vizuri, pumzi 25 au zaidi, namba ya juu ya presha 90 au chini, sukari isiyopanda, hakuna mkojo wa maana kwa saa 18, ngozi yenye mabaka au midomo iliyobadilika rangi, degedege, au dalili ya kiharusi. Mzee wetu alikuwa na pumzi 26, na ukiondoa ile michirizi ya kwenye nepi hakuwa amekojoa tangu jana yake mchana. Hawakusubiri chai.

Karatasi moja itakayosomwa kwa nusu dakika

Daktari wa mapokezi hajamjua mzee wako. Akimwona amelala atafikiri labda ndivyo alivyo, kwa umri huo. Maneno "hajisikii vizuri" hayamsaidii. Nilimsaidia binti kuandika hivi:

"Miaka 81. Kisukari, presha, tezi dume. Hadi Jumatatu alitembea mwenyewe, alisoma gazeti, alijua tarehe. Jumatatu: mkojo unachoma, kaanza siprofloksasini. Jumanne saa 2 usiku: klofeniramini kidonge 1. Jumatano: hali vizuri, analala. Alhamisi saa 1 asubuhi: anajibu neno moja, anasema yuko kazini. Sukari 2.9, baada ya maji ya sukari 5.4, bado hajielewi. Pumzi 26. Joto 37.1. Nepi inalowa kidogo kidogo, chini ya kitovu pagumu. Hajaanguka. Choo mara ya mwisho Jumapili."

Mstari ule wa gazeti na tarehe ndio wenye uzito kuliko yote. Unamwambia daktari kwamba huyu aliyelala hapa si yule wa kawaida. Beba na dawa zote kwenye mfuko mmoja, miwani, kifaa cha masikio kama anacho, na meno yake ya bandia. Mzee asiyesikia wala kuona atafeli kila swali hata akili yake ikiwa imerudi.

Ombeni kwa upole mkojo uoteshwe kabla ya antibiotiki mpya kuanza, ikiwa hilo halicheleweshi dawa kwa mgonjwa mahututi. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu, lakini ndiyo yanayosema dawa ipi inamuua kijidudu huyo. Ombeni pia sukari irudiwe, chumvi za damu na figo zipimwe, na kibofu kiangaliwe kama kimejaa.

Wodini, hasa usiku

Walimpa dripu na antibayotiki ya sindano, wakampa sukari kwenye mshipa kwa sababu ilishuka tena saa 8 mchana, kama nilivyohofia. Glibenklamidi ikasimamishwa, maana figo zilikuwa zimeshuka. Jioni alizungumza. Usiku alianza kuona watu kwenye pazia na kuung'oa mpira wa dripu.

Hili huwatisha ndugu: aliyekuwa kimya sasa anapambana. Deliriamu hupanda na kushuka, na usiku ndio wakati wake. Kinachosaidia zaidi ni sura anayoijua kitandani pake. Pangeni zamu, ndugu mmoja au wawili, si kundi. Mwambieni kwa sentensi fupi: "Baba, ni mimi. Uko hospitali. Ni usiku. Mkojo uliziba, wameshautoa." Rudieni kila anapoamka, kwa maneno yaleyale. Akisema kuna watu kwenye pazia, msibishane naye wala msikubali kwamba wapo. Sema huwaoni, kisha fungua pazia, washa taa ndogo, mvalishe miwani. Mchana mwacheni kwenye mwanga, akae kitini wakati wa kula, atembee hatua chache muuguzi akiruhusu. Mwenye kusinzia sana ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo vidonda vya mgongoni vitampa sababu ya pili ya kubaki wodini.

Mtu akipendekeza apewe dawa ya usingizi ili watu walale, uliza kwanza maswali matatu: ana maumivu? Kibofu au choo kimejaa? Sukari ngapi? Mara nyingi utulivu hupatikana humo. Dawa ya kutuliza ina nafasi yake pale mgonjwa anapojidhuru au anapotishika kupita kiasi, kwa dozi ndogo na kwa uamuzi wa daktari. Kumfunga mikono huzidisha mapambano. Na mpira wa mkojo, ukishafanya kazi yake, uliza kila siku kama bado unahitajika, kwa sababu wenyewe huleta maambukizi mapya.

Mwili umetulia, akili bado

Siku ya tatu pumzi zilikuwa 18 na vipimo vya damu vilianza kutengemaa. Familia ilitegemea mzee aliyesoma gazeti arudi siku hiyo. Alikuwa bado anauliza kazini wanamlipa lini. Ubongo huchelewa nyuma ya mwili kwa siku, mara nyingi wiki, na kwa wengine miezi. Kwa hiyo pima mwelekeo: andika kila siku saa ileile kama alijibu yale maswali manne na alifika siku gani ya juma. Ukiona mstari unapanda, hata kwa kurudi nyuma siku moja moja, endelea kusubiri. Zikipita saa 48 tangu antibayotiki ya sasa ianze bila nafuu yoyote, au akalegea tena baada ya kuwa amepata nafuu, mrudishe au mwite daktari. Huenda kijidudu hakisikii dawa hiyo, kibofu kimeziba tena, sukari imeshuka, au tangu mwanzo kulikuwa na jambo jingine.

Alitoka siku ya saba. Nyumbani hawakumwachia dawa zake mwenyewe kwa wiki za kwanza, wala kumwacha peke yake bafuni. Msimpime ugonjwa wa kusahau wakati huu. Majibu yatakuwa mabaya bila haki. Baada ya miezi michache, kama bado hayuko kama zamani, hapo ndipo apimwe kumbukumbu. Deliriamu wakati mwingine hufichua ugonjwa uliokuwa umeanza kimyakimya, na aliyewahi kuipata huipata tena kwa urahisi zaidi, iwe kwa yutiai nyingine, nimonia au baada ya upasuaji.

Kwa sababu hiyo binti yule aliandika karatasi ya pili, akaibandika ndani ya kopo la dawa za baba yake: "Dawa za mafua za kusinzisha: hapana. Glibenklamidi: imeachishwa. Aliwahi kuchanganyikiwa kwa maambukizi. Akilala mchana kutwa, mwamsheni, mwulizeni siku." Wiki ya tatu alinipigia kunieleza kwamba baba amevuka Ijumaa na Alhamisi vizuri, akafika Jumatano, kisha akauliza kwa ukali kwa nini kila asubuhi anaulizwa siku kama mtoto wa shule.